Tupeane uzoefu: somo la saa moja la pembe na kingo za Othello kwa wanaoanza

Mlezi wa klabu, Malindi

Wenzangu, klabu yetu hukutana saa tisa na nusu alasiri hadi saa kumi na nusu, na nina mbao nne zilizochorwa kwenye kadibodi. Kete tulizikata kwenye kadibodi pia, lakini upepo wa kusi ulizipeperusha barazani, na sasa tunatumia vizibo vya soda vilivyopakwa rangi nyeusi upande mmoja. Watoto wanajua kuweka kete, kuzibana za mpinzani kati ya kete zao mbili na kuzigeuza ziwe za rangi yao. Ninachotaka kuwafundisha ni pembe na kingo, na nimeigawa saa hivi.

Dakika kumi za mwanzo ni za kuhesabu. Ninaweka kizibo kimoja katikati ya ubao na kuwauliza kinaweza kubanwa kwa mistari mingapi. Ni minne: wa kulala, wa kusimama na miwili ya mshazari. Ninakisogeza hadi a4, ukingoni, na jibu linakuwa mstari mmoja tu, ule wa ukingo wenyewe, kwa sababu mistari mingine yote ina upande mmoja tu ubaoni, na hakuna anayebana kitu kwa mkono mmoja. Ninakipeleka a1, pembeni, na mistari imekwisha. Kwetu a1 iko juu kushoto, herufi zikienda kulia na namba zikishuka.

Dakika kumi na tano zinazofuata ni za chumba cha b2. Ninaweka nyeupe d4, nyeusi c3, kisha nyeusi b2, na kuwaambia wenye nyeupe wacheze. Wanaiona a1 mara moja, na kwa pigo hilo b2 na c3 zinageuka. Muda uliobaki wanacheza.

Tatizo langu ni la wiki iliyopita. Baada ya somo hilo watoto walianza kuogopa kila chumba kilicho karibu na pembe, wakakimbilia kingo, na mchezo ulipokaribia kwisha mmoja wao alikuwa na kete nyingi sana lakini pigo moja tu halali, nalo ni b2. Alilalamika kuwa nimemdanganya. Ninyi mlifanyaje?

Maalim wa Lamu

Mwalimu, nakuona unajisumbua. Mimi huwafundisha mambo mawili tu: chukua ukingo mapema, na usicheze b2 wala wenzake watatu wa pembe nyingine. Kete ya ukingoni ina adui mmoja tu, kama ulivyohesabu mwenyewe, kwa hiyo aliye na ukingo amekaa salama. Wanafunzi wangu wameshinda michezo yao mingi kwa maneno hayo mawili, na somo linakwisha kwa dakika ishirini.

Mcheza bao, Lamu

Mimi sikufundisha Othello shuleni, bali nyumbani kwa wajukuu, na kisa changu huenda kisikufae. Kwa kuwa wanajua bao, niliita pembe kichwa na vyumba vya jirani kimbi, nikadhani nimepata njia ya mkato. Majina waliyashika siku hiyohiyo. Lakini mkubwa wao alikataa kabisa kukimbilia kichwa, akisema kwamba kwenye bao kete za kichwani huliwa kama nyingine, sasa babu anamwambiaje kwamba huku haziguswi? Nilipotafakari niliona ana haki. Jina lilikuja na tabia zake. Nimerudi kwenye neno kona, ambalo halina historia. Na hivyo vizibo, mwalimu, rangi haibanduki?

Mchezaji wa siku nyingi, Malindi

Maalim, nusu ya maneno yako ni sahihi, na nusu nyingine, ile ya kuchukua ukingo mapema, ndiyo iliyomponza mtoto wa mwalimu. Anayekusanya kingo na kete nyingi mapema humpunguzia mpinzani kete zake ubaoni, lakini hujipunguzia mwenyewe mapigo, kwa sababu hana cha kubana. Mwisho wake hulazimika kucheza b2, kwani sheria hairuhusu kupisha zamu ukiwa na pigo halali. Dalili yake huonekana mapema: mwulize mtoto ahesabu mapigo aliyonayo, si kete zake, wakati vyumba kama ishirini vimebaki. Akikuta mawili au matatu, ameshaingia shimoni.

Kuhusu usalama wa ukingo, ule mstari mmoja unatosha kuumaliza. Mwalimu, ningeondoa dakika kumi za kucheza na kuweka mfano huu wa vizibo tisa. Weka nyeupe c1, d1, e1, f1 na g1, yaani tano zilizoegemea upande mmoja, h1, pembe ya juu kulia, ikiwa tupu. Ongeza nyeupe c2 na c3, kisha nyeusi d2 na b3. Zamu ni ya nyeusi, naye anacheza b2, chumba kilekile kilichokatazwa, akigeuza c2. Nyeupe anafurahi na kuchukua a1, na b2 inageuka. Sasa nyeusi anaingia b1, akigeuza b2 kwa msaada wa b3, na kete hiyo ya b1 imekaa katikati ya nyeupe mbili kama kabari: a1 imejaa, c1 imejaa, hakuna mahali pa kuibania. Nyeupe hana njia ya kuingia h1. Zamu inayofuata nyeusi anachukua h1 na kugeuza tano zote. Mstari wa kwanza umejaa, una nyeupe moja na nyeusi saba, nazo hazitageuka tena hadi mwisho.

Kisha ondoa g1 na uurudie. Safari hii nyeusi, baada ya kuingia b1, akijaza g1 atageuza nne, lakini nyeupe atajibu h1 na kuzigeuza zote sita zilizoko kati ya pembe mbili. Kizibo kimoja tu kimebadilisha kila kitu, na watoto huliona hilo kwa macho yao bila mimi kusema mengi.

Maalim wa Lamu

Nimeupanga mfano huo jana usiku na mpwa wangu, nami nakiri kwamba ukingo wangu ulichomwa. Lakini mara ya pili alikataa a1. Alicheza a3, akazigeuza b3 na b2 kwa pigo moja, na ile kabari ya b1 haikuwa halali tena.

Mchezaji wa siku nyingi, Malindi

Mpwa wako ana jicho. Kwenye ubao ule wa vizibo tisa a3 inaharibu mtego, sina ubishi. Ninachosema ni kwamba katika mchezo kamili kete za jirani hubadilisha hesabu, na mara nyingi ninaotumia mtego huu nao hungojea kwanza a3 na a4 zijae. Kama kukataa a1 kunamfaa nyeupe kwa jumla, hapo wachezaji wenzangu wa hapa hawajakubaliana, nami si mmoja wa wenye uhakika.

Mlezi wa klabu, Malindi

Basi nimebadilisha. Kuhesabu mistari kutabaki dakika kumi, b2 itapungua hadi kumi, vizibo tisa vitapata ishirini pamoja na ile h1 iliyogeuza sita, na dakika ishirini za kucheza zitaanza ubao ukiwa umejaa nusu, kwa sababu mchezo mzima hawaumalizi. Kila nitakapogonga meza watasimama na kuhesabu mapigo yao. Pigo la a3 sitawaonyesha; nataka nione kama kuna atakayeligundua mwenyewe.

Babu, rangi inabanduka. Tunapaka upya kila muhula.