Tupeane uzoefu: simu ya Kiarabu, kila kitu kimegeuka kulia-kushoto

Dada_Ruwi
Jana mama wa hapa ninapofanya kazi kanipa simu yake nimwoneshe jirani picha za harusi. Simu yote iko kwa Kiarabu. Nimefungua ya kwanza, nikatelezesha kidole kwenda kushoto nilete inayofuata, wapi. Nikadhani ipo moja tu. Nikabonyeza kona ya juu kushoto nirudi nyuma, ikafunguka menyu ya vidoti vitatu. Jirani anasubiri, mimi natoka jasho. Mlioko Oman, Dubai, Saudia, nyinyi mlizoeaje?

Kinyozi_Likoni
Hiyo kona ya kushoto! Kidole kinakwenda chenyewe kabla akili haijafika.

Mzee_Shangani
Mimi sikupata taabu hata kidogo. Aliyesoma chuoni akafungua msahafu anajua ukurasa unafunguliwa kwa kusukuma kwenda kulia. Picha ni hivyo hivyo, inayofuata imekaa kushoto, unaivuta kuja kulia. Kurudi ni mshale wa kona ya juu kulia, nao unatazama kulia. Nyinyi mmezoea upande mmoja tu.

Kinyozi_Likoni
Shikamoo mzee. Msahafu nimesoma. Lakini msahafu hauna kitufe cha kufuta.

Boda_Muscat
Mmenikumbusha. Nilipoanza kupeleka chakula hapa Muscat nilipewa simu ya kazi yenye apu ya Kiarabu. Vitufe nilivizoea mapema, kilichonitesa ni namba ya mteja. Haikuwa ya kubonyeza ikapiga yenyewe, ilikuwa imechomekwa katikati ya maelezo ya Kiarabu, unaitazama halafu unaipiga kwa mkono. Namba za hapa ni tarakimu nane, na pale ziliandikwa nne nne, katikati nafasi.

Siku hiyo mvua, niko chini ya jengo, sijui ghorofa wala mlango. Naona kundi la kwanza linaanza na 7, la pili na 9. Napiga. Anapokea mzee, namwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kuwa chakula kimefika. Anasema hakuagiza, anakata. Narudia tarakimu kwa tarakimu, mzee yule yule, sasa amekasirika. Mara ya mwisho kabla hajakata nikajisemea kwa sauti, "Mungu wangu, chakula kinapoa na hela itakatwa kwangu."

Kimya kidogo. Halafu nasikia Kiswahili cha Unguja, kile safi kabisa: "Chakula gani hicho, mwanangu?"

Kumbe alizaliwa Zanzibar. Akaniuliza namba naisoma wapi, nikamweleza. Akacheka. "Hilo kundi la kulia ndilo la mwanzo. Anza na hiyo tisa, umalizie na saba." Nikapiga, akapokea mteja. Kila kundi lilikuwa sawa ndani yake, ila makundi yamebadilishana viti. Na kwa kuwa namba za simu za mkononi hapa zinaanza na 7 au 9, hata iliyopinduka ilikuwa namba halali ya mtu mwingine. Ingeanza na tarakimu nyingine huenda nisingempata mtu, labda ningeshtuka mapema.

Bi_Mchele
Yaani nimesoma mpaka mwisho chai imepoa. Huyo mzee mnawasiliana bado?

Kinyozi_Likoni
Muhimu zaidi: ana binti?

Boda_Muscat
Idi alinialika pilau. Ya binti niachieni mwenyewe.

Fundi_Apu
Tuacheni pilau kidogo, maana hilo la namba ni kosa la aliyetengeneza apu, si la dereva. Sentensi ikiwa ya Kiarabu, simu inapanga vipande vyake kuanzia kulia. Tarakimu zilizoshikana hubaki kushoto-kulia, lakini ile nafasi katikati haina upande wake, inafuata sentensi. Kwa hiyo kundi la kwanza linakaa kulia, la pili kushoto. Ukiweka na namba ya nchi, ile alama ya kujumlisha inarukia mwisho, unaona `968+`. Ukiona jumlisha imekaa nyuma ya namba, ujue na makundi yamepinduka. Dawa ni kuitenga namba na sentensi. Kwenye ukurasa wa wavuti ni hivi tu:

```
<bdi dir="ltr">+968 9XXX 7XXX</bdi>
```

Juma_Mjanja
Mbona rahisi, Kiarabu ni kioo. Kila kitu kinageuzwa, hata alama ya kucheza muziki inatazama kushoto.

Fundi_Apu
Menyu na mishale ya kurudi sawa, muziki hapana. Ile pembetatu ya kucheza haigeuzwi, inafuata mwendo wa kanda, si wa maandishi. Saa pia haigeuki, akrabu zinazunguka vile vile. Vitufe vya kupigia simu, 1 iko kushoto kama kwetu.

Juma_Mjanja
Mimi nimeiona imegeuka kwa macho yangu.

Fundi_Apu
Utakuwa umeona apu iliyokosewa, nazo si chache.

Mzee_Shangani
Na namba zenyewe Waarabu wanazisoma kutoka kulia.

Bi_Mchele
Hapana mzee, 1964 wanaandika elfu upande wa kushoto kama sisi, hata wakitumia tarakimu zao.

Mzee_Shangani
Kuandika sawa. Lakini ishirini na tano wanatamka tano kwanza. Hapo je?

Bi_Mchele
Na mia wanaitanguliza. Tutakesha.

Dada_Ruwi
Kaka fundi, swali. Kuna apu moja maandishi na menyu vimegeuka vizuri, lakini picha za bidhaa bado zinakwenda kwa kidole cha kwetu. Nichague upande gani sasa?

Fundi_Apu
Hiyo imegeuzwa nusu, ndiyo mbaya kuliko zote. Kwenye Android uwezo wa kugeuza ulikuja na 4.2, mwaka 2012, lakini mtengenezaji lazima aukubali, kisha kila mahali alipoandika kushoto aandike mwanzo:

```
android:supportsRtl="true"
android:layout_marginStart="16dp"
```

Akiacha `marginLeft` mahali, hapo hapageuki. Na picha za kutelezesha, wengi walitumia `ViewPager` ya zamani, ambayo haijui kulia-kushoto. `ViewPager2` inajua. Kwa mtumiaji, angalia vidoti chini ya picha. Ikiwa uko kwenye ya kwanza na kidoti kilichokolea kiko kulia, vuta kwenda kulia.

Kinyozi_Likoni
Na vidoti visipofuata?

Fundi_Apu
Basi jaribu pande zote mbili.

Bi_Mchele
Dada, ukipewa simu ya mtu usiguse lugha yake. Ikiwa ni yako, kwenye aifoni fungua الإعدادات, kisha عام yenye picha ya gia, halafu اللغة والمنطقة. Lugha zimeandikwa kwa majina yake zenyewe, utaiona English bila kubahatisha.

Pendo_Dom
Samahani, hii ndiyo inayofanya selfi yangu itoke nywele zimelala upande mwingine?

Fundi_Apu
Hapana dada, hiyo ni kamera ya mbele.

Fundi_Apu
Kwa wanaotaka kuzoea bila kujua Kiarabu: kwenye Android, ndani ya mipangilio ya wasanidi programu kuna `Force RTL layout direction`. Lugha inabaki yako, upande ndio unageuka.

Juma_Mjanja
Nimewasha. Sasa simu nzima iko kinyume na swichi ya kuzimia siioni.

Dada_Ruwi
Ni ile ile, iko kushoto.