Naomba ushauri: tangazo la kuzima huduma usiku

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina huduma ndogo ya mtandaoni ambayo wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, huitumia kuandika mauzo na madeni, na ninataka kuihamishia hifadhidata yake kwenye seva mpya. Rasimu ya kwanza ilisema "Jumamosi saa 7 usiku", nami nikaiona sawa, hadi mteja mmoja aliponiuliza kama ni usiku wa kuamkia Jumamosi au wa kuamkia Jumapili. Simu yake ingeonyesha 01:00 na tayari ingekuwa Jumapili. Sasa nimeandika hivi:

"Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, kuanzia saa 7 hadi saa 9 usiku (kwenye simu 01:00 hadi 03:00), huduma itafungwa. Mauzo ya muda huo yaandikeni kwenye daftari, kisha myaingize tukishafungua. Kumbukumbu za zamani zitabaki zilivyo."

Ninaifunga kabisa kwa sababu mauzo yatakayoingia kwenye seva ya zamani baada ya kunakili hayatafika kwenye mpya.

Katika jaribio, uhamisho ulichukua dakika 40. Nimetangaza muda wa saa 2 ili nipate nafasi ya kuhakiki, na ya kurudi kwenye seva ya zamani jumla za madeni zisipolingana. Mwenzangu anasema muda huo utawatisha wateja. Je, niupunguze? Na sentensi ile ya mwisho, je, ninaahidi kupita kiasi?