Memori kadi inadai kufomatiwa na picha zimo: nianze na lipi?

Wakuu, naomba ushauri. Jana jioni nilikuwa natazama picha za harusi ya dada yangu kwenye kamera, zote zinafunguka. Leo asubuhi nimewasha, kamera inataka nifomati kadi. Nimekataa, nikazima, nikaitoa, na kile kikufuli cha pembeni nimekisukuma kwenye LOCK ili kisiandikwe kitu juu yake.

Nimejaribu kisomeo kingine cha kadi, hali ni ileile. Kompyuta inaiona kadi ya GB 32 kwa ukubwa wa GB 29.7, ila mfumo wa faili unaandikwa RAW. Kwa kuwa ukubwa unasomeka sawa, nahisi kilichoharibika ni orodha ya mafaili tu, picha zenyewe bado zipo.

Rafiki anasema nipige `chkdsk /f`. Naogopa, maana hiyo hurekebisha kwa kuandika humohumo kwenye kadi. Nilikuwa nawaza kwanza ninakili kadi nzima kuwa faili moja kwa `ddrescue`, halafu PhotoRec ichimbe kwenye nakala hiyo.

Aliyewahi kufanya hivi, utaratibu huu uko sawa? Na kadi ikianza kupata moto au kukatika katikati ya kunakili, niendelee au niipeleke kwa fundi?