Eti kosa langu ni kuweka tenki la maji JUANI!

Mchota_Kwa_Kikombe

Wakuu, nimetoka dukani sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Ni wale jamaa. Mnawajua, sina haja ya kuwataja, kila mwenye tenki juu ya paa ameshalizwa nao au zamu yake inakuja.

Tenki la plastiki, jeusi, lita 2,000, lina miaka mitatu. Leo alfajiri nimekuta maji yanachirizika ukutani. Kupanda juu, ufa umeanzia shingoni penye mfuniko umeteremka hadi begani, urefu wa mkono wangu mzima. Karatasi ya dhamana inasema miaka saba. Nikaenda na karatasi, risiti, na picha kumi na nne kwenye simu. Kijana wa kaunta hata picha ya kwanza hakuikuza. Akanitazama akasema: "Mzee wangu, lakini mbona uliliweka juani?"

JUANI! Tenki la maji! Niliweke wapi, uvunguni mwa kitanda? Nilifungulie mwavuli kila saa sita mchana? Na ubavuni mwa hilo hilo tenki wamebandika picha ya jua limevaa miwani, chini imeandikwa "halidhuriki na jua". Namuonyesha picha ya jua lao wenyewe, ananijibu "hiyo ni nembo tu". Mbona uliliweka juani! Nimeendesha hadi nyumbani nairudia peke yangu barabarani.

Kipepeo_Bluu

Pole mkuu. Hata mimi paneli za jua walinifanyia hivyo hivyo, betri ikafa mwaka wa pili.

Mchota_Kwa_Kikombe

Dada, si paneli. Ni TENKI. Jua lenyewe, hili la mbinguni, ndilo nililoambiwa nisingeliweka tenki chini yake.

Bomba_Halidanganyi

Mzee, shikamoo. Mimi ni fundi wa bomba, matenki nimepandisha mengi. Kabla hujarudi kugombana, panda tena upitishe kidole upande unaopigwa na jua la mchana. Kisha pitisha upande wa kivulini. Kidole kikitoka na unga wa kijivu upande mmoja tu, jua limekula plastiki. Kama hakuna unga na ufa uko chini karibu na koki, basi kosa ni la kitako au la bomba lililoning'inia bila kushikiliwa. Lako limepasukia juu, kwa hiyo nadhani najua jibu.

Mchota_Kwa_Kikombe

Marahaba. Nimeshuka sasa hivi. Upande wa magharibi kidole kimetoka kama nimefuta ubao wa shule. Kivulini kisafi kabisa. Kwa hiyo kweli ni jua! Na ndiyo maana nina hasira zaidi, tenki la kuwekwa nje limeuawa na kuwa nje!

Bomba_Halidanganyi

Plastiki hiyo ikiwa tupu, bila kinga, jua huivunjavunja, inakauka na kuwa kama ganda la yai. Kinachoilinda ni dawa ya miale ya jua na unga mweusi wa kaboni, unaotakiwa kuyeyushwa pamoja na plastiki kabla haijasagwa na kuokwa kwenye umbo la tenki. Wapo wanaokwepa hatua hiyo, wanakoroga unga mkavu juu kwa juu. Tenki linatoka jeusi vizuri tu, lakini weusi haujaenea sawasawa ndani ya plastiki, na ukuta wenyewe unakuwa dhaifu. Weusi peke yake si ushahidi.

Mimi hutazama tunapotoboa tundu la koki. Plastiki nzuri inatoka kwenye keekee kwa utepe mrefu unaojikunja. Mbaya inamwagika kama makapi. Wewe ulikuwepo siku ya kutoboa?

Sisemi_Kitu

Hakuwepo, alikuwa humu anatutambia. Mwaka ule ule aliandika "tenki jepesi ajabu, tumelipandisha watu wawili bila kamba". Nimeutafuta ujumbe wake nimeupata 😂

Bomba_Halidanganyi

Wepesi ndio dalili ya kwanza. Matenki mawili ya lita sawa, inua ukingo wa kila moja kabla ya kulipa. Lililo jepesi sana kuta zake ni nyembamba, na mara nyingi bega na shingo ndiyo nyembamba kuliko kote.

Mchota_Kwa_Kikombe

Sisemi_Kitu, na wewe uliliweka lako wapi, kwenye friji? Nyote mnaocheka, matenki yenu yako juani!

Chuma_Ni_Chuma

Suluhisho ni moja, nunueni la stenlesi, mambo ya jua yaishe. Nenda na sumaku. Ikinasa, kimbia. Isiponasa, hiyo ni stenlesi safi, utarithisha wajukuu.

Mama_Kisima

Sumaku! Nami nilienda na sumaku, kaka yangu. Haikunasa. Mwaka wa pili tenki likaanza kutoa vidoa vya kahawia kwenye mishono, halafu vitundu vya ncha ya sindano. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Wenye duka wakaniambia maji yangu ndiyo mabaya. Angalau wewe mzee umeambiwa jua, mimi nimetukaniwa kisima alichochimba baba.

Bomba_Halidanganyi

Sumaku inasaidia nusu. Kuna chuma cha bei rahisi chenye manganizi nyingi ambacho nacho hakinaswi, lakini kinashika kutu mapema. Ulizia namba iliyopigwa kwenye bamba. 304 inatosha kwa maji baridi ya kawaida. Kwa maji ya chumvi afadhali 316, nayo si kinga ya milele. Ukiwa na kisima cha namna hiyo, plastiki nzuri inaweza kukufaa kuliko chuma, maana chumvi haiigusi.

Chuma_Ni_Chuma

Plastiki nyeusi maji yanachemka mchana, unaoga kama kuku anayenyonyolewa.

Ukijani_Tena

Heri yachemke. Mimi nilikimbia joto nikachukua la rangi ya maziwa, sasa ndani kuna ukoga wa kijani. Nikifunga mfuniko mchana na kuchungulia kwenye tundu la bomba, ndani kunang'aa kama kuna taa. Nilipake rangi?

Chuma_Ni_Chuma

Rangi itabanduka, haishiki kwenye plastiki hiyo. Lijengee kivuli.

Mchota_Kwa_Kikombe

Kivuli! Nawe umeanza! MBONA ULILIWEKA JUANI! Jamani, tenki langu linavuja, nani amewahi kuziba ufa kama huu?

Bomba_Halidanganyi

Gundi haitashika mzee. Kuchomelea plastiki iliyoliwa na jua ni kuhamisha ufa sentimita mbili pembeni. Kwa sasa shusha boya, maji yaishie chini ya ncha ya ufa, huenda ukabaki na lita 1,500 za kutumia. Na toboa kitundu kidogo mwisho kabisa wa ufa ili usizidi kukimbia. Dhamana endelea kuidai, piga picha ya kidole chenye unga pamoja na ile nembo ya jua katika picha moja.

Sisemi_Kitu

Hiyo picha tuwekee na sisi.

Mama_Kisima

Fundi, nirudi kwangu kidogo. Hivyo vitundu vyote viko kando ya mishono, katikati ya bamba hakuna hata kimoja. Ni kwa nini?

Bomba_Halidanganyi

Dada, aliyelichomelea aliisafisha mishono, au iliachwa na rangi ya bluu na dhahabu?

Mama_Kisima

Ina rangi zote kama upinde wa mvua. Muuzaji aliniambia ndiyo alama ya stenlesi halisi.