Daktari amejibu, lakini amejibu nini?

*Kikundi: Wajukuu wa Bi Esha, Mkomani*

Khalati Mize, 16:08
Asalaam aleikum. Daktari wa Bibi ameniletea hii yeo. Someni muniambie nifanye vipi, Bibi humeza dawa zake za usiku baada ya isha.

Khalati Mize, 16:08
↪ *Sawa. Ile nyeupe mpunguzieni, nusu kuanzia leo usiku. Hii iendelee kama hapo juu. Hicho kingine kisimame mpaka nimwone.*

Abubakar (Mombasa), 16:15
Waaleikum salaam. Khalati, nusu yangu nilishatuma juzi. Nusu ya pili mwisho wa mwezi inshallah.

Khalati Mize, 16:16
Si pesa, Abu. Ni dawa.

Swafiya (Malindi), 16:21
Khalati shikamoo. Tafadhali usipunguze wala kusimamisha chochote kwanza. Hapo juu ya ujumbe huo sisi tunaona salamu yako tu. Nyeupe ni ipi, na "hii" ni ipi?

Ami Shee, 16:29
Mnajitia uzito bure. Kiswahili chajieleza. "Ile" ni ya mbali, kwa hivyo ni dawa ya zamani, ya presha. "Hii" ni ya karibu, ndiyo hii mpya ya sukari. "Hicho" ni kidonge, maana yake si sindano wala dawa ya maji. Imekwisha.

Swafiya, 16:36
Ami, kwenye hicho cha mwisho nakubaliana nawe nusu. Sindano haiwezi kuwa "hicho", kweli. Lakini kipimo ni "hicho" vilevile, na Bibi hupimwa sukari kila asubuhi. Kusimamisha kipimo na kusimamisha kidonge ni mambo mawili mbali kabisa. Na hiyo "hii" na "ile", daktari alikuwa akitazama kitu kwenye simu yake. Ukaribu huo ni wa macho yake yeye, sisi hatukioni alichokuwa akikitazama.

Fuadi, 16:38
Yalinikuta mimi haya. Fundi wa mashine ya boti aliniandikia "fungua hiyo ya chini kisha uikaze", picha ikakataa kufunguka kwa sababu ya mtandao. Nikafungua nati ya kumwagia oili. Oili yote ikaishia baharini pale Shela 😂 Yeye alikuwa anasema filta ya dizeli.

Swafiya, 16:44
Khalati, nina shaka daktari alijibu kwa kuning'iniza maneno yake chini ya kitu ulichomtumia. Watsapu ukipeleka jibu la namna hiyo kwenye kikundi kingine, hubeba maneno matupu, kile kilichojibiwa hubaki kule kule. Ndiyo sababu kwako linasomeka na kwetu halisomeki. Ule mshale juu ya ujumbe ndio unaonionyesha kuwa umetoka mazungumzo mengine. Rudi kwa daktari, ubonyeze kile kisanduku kidogo kilicho juu ya jibu lake, kitakupeleka kwenye chenyewe.

Khalati Mize, 16:58
Nimeona mwanangu. Ni picha niliyompigia asubuhi, dawa zote tatu kwenye sinia. Naileta.

Khalati Mize, 16:59
📷 *Picha*

Ami Shee, 17:02
Basi paketi nyeupe ni moja tu, ya presha, kama nilivyosema. Nyingine paketi yake ni buluu. Muikate nusu.

Swafiya, 17:10
Subiri Ami. Ya tatu haina paketi, ni karatasi yake tu ya plastiki, na vidonge vinaonekana ndani, vyeupe. Sasa daktari anasema rangi ya paketi au ya kidonge? Nimeikuza picha. Paketi nyeupe ni amlodipini ya miligramu 10. Buluu ni losatani 50. Ile isiyo na paketi ni metfomini 500, na pembeni pameandikwa XR. Hiyo imetengenezwa iachie dawa polepole tumboni. Mtu haipondi wala haitafuni, na kuikata kwa kukisia ni hatari, kwa sababu dawa ya saa nyingi inaweza kutoka kwa mkupuo. Khalati, kwa nini ulimwandikia daktari? Bibi ana nini?

Khalati Mize, 17:13
Miguu imemvimba, viatu havimwingii. Kichwa hakimuumi.

Swafiya, 17:17
Amlodipini huvimbisha miguu, na kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo inavyovimbisha zaidi. Kwa hivyo hata mimi naegemea upande wa Ami, nyeupe ni amlodipini. Lakini huko ni kuegemea tu, simpi Bibi dawa kwa hilo. Na "kama hapo juu" je? Juu ya hiyo picha pana nini?

Khalati Mize, 17:22
Juu ya picha hapana kitu. Daktari aliniandikia kule mwanzo namna ya kumeza, moya moya. Sasa siyaoni maneno yake. Pana alama ya saa.

Fuadi, 17:24
Khalati samahani, ile saa niliiweka mimi, simu yako ilikuwa imejaa. Jumbe zinajifuta baada ya siku 7. Na kwa daktari pia zimefutika.

Ami Shee, 17:25
Haya tena.

Swafiya, 17:33
Khalati, mwandikie hivi, usiweke "hii" hata moja:

*Daktari, kuhusu Bi Esha, miguu imevimba. Naomba jibu kwa kila dawa kwa jina.*
*Amlodipini miligramu 10, anameza kidonge 1 usiku. Aendelee, apunguze au aache? Kama ni nusu, ni nusu kidonge kila usiku, au kidonge kizima usiku mmoja na kupumzika wa pili?*
*Metfomini XR 500, kidonge 1 usiku na chakula. Aendelee, apunguze au aache?*
*Losatani 50, kidonge 1 asubuhi. Aendelee, apunguze au aache?*
*Kipimo cha sukari cha asubuhi tuendelee nacho?*

Hizo namba na nyakati nimezitoa kwenye vibandiko vya duka kwenye picha. Zilinganishe na anavyomeza kweli kabla ya kutuma.

Khalati Mize, 17:41
Ziko sawa. Nimetuma. Tiki moya tu.

Swafiya, 17:42
Basi simu yake haijapata ujumbe. Usingoje isha ifike, piga kliniki, uwaombe wafungue faili.

Khalati Mize, 18:20
Nimezungumza na muuguzi. Kwenye faili daktari ameandika leo: amlodipini 5 usiku. Metfomini vile vile. Losatani hakuandika kitu, wala kipimo cha sukari. Atamuuliza akitoka chumba cha upasuaji.

Ami Shee, 18:22
Nilisema mimi.

Swafiya, 18:27
Ulisema Ami, na "hicho kingine" bado hakijulikani 😊 Bahati nzuri losatani ni ya asubuhi, tuna usiku mzima wa kupata jibu. Kipimo cha sukari mpimeni kama kawaida. Khalati, za 10 mlizo nazo zina mstari katikati?

Khalati Mize, 18:30
Hazina. Nimejaribu moya kwa kisu, imevunjika vipande vitatu.

Swafiya, 18:31
Basi nunueni za miligramu 5, ameze nzima. Na zile za 10 zitoeni kwenye sinia kabisa, zisije zikachanganyika usiku.

Abubakar (Mombasa), 18:40
Bei gani nitume?

Fuadi, 18:52
Niko dukani Langoni sasa hivi. Nakutumia picha ya risiti, na jina la dawa nitaliandika chini yake.