WireGuard bila paswadi: Nakuru inajuaje kweli ni Kisumu inabisha?

agroveti_58

Habari zenu wadau. Duka letu kubwa liko Nakuru hapa Section 58, tawi liko Kisumu upande wa Kibuye, nimeziunganisha na WireGuard ndio keshia wa Kisumu aone stoki kwa seva ya huku. Inafanya kazi poa kabisa, sijakuja kulia imekataa. Shida ni mdosi. Ameniuliza paswadi iko wapi, nikamwambia hakuna, tulitumiana tu funguo za wazi kwa WhatsApp, akasema kama ufunguo umepita WhatsApp basi yeyote aliyeuona anaingia, zima hiyo kitu mpaka unielewesha. Na kusema ukweli nikikaa chini hata mimi siwezi kumwelewesha. Kama Kisumu hatumi siri yoyote, anathibitisha vipi ni yeye? Konfigi ya Kisumu iko hivi, funguo nimetoa:

```
[Interface]
PrivateKey = ...
Address = 10.8.0.2/24

[Peer]
PublicKey = ...
Endpoint = ...:51820
AllowedIPs = 10.8.0.1/32
```

mwana_wa_migingo

Kaka hizo zote za nini, enda Play Store kuna VPN za bure, mimi naonea mechi nazo na haziulizi paswadi pia. Ila zinakula bando.

agroveti_58

Asante lakini si ya mechi, ni ya duka.

nyaya_za_kondele

Hiyo ni rahisi mkuu. Kisumu anasaini paketi na ufunguo wake wa siri, Nakuru anaangalia hiyo saini akitumia ule wa wazi. Saini ikikubali ni yeye, ikikataa ni mwizi. Ufunguo wa siri haujatoka Kisumu hata siku moja. Mwambie mdosi hivyo, akatae mwenyewe.

binti_paketi

Kondele hapo mwisho umesema kweli, ufunguo wa siri hautoki kwa mashine. Lakini kusaini hakuna ndani ya WireGuard, hata mahali pamoja. Saini utazipata kwa SSH na kwa vyeti vya tovuti. Hapa kila upande unachukua siri yake na ufunguo wa wazi wa mwenzake, unapiga hesabu, na wote wawili wanafika kwa jibu moja bila kuambiana.

agroveti chukua kalamu tufanye na namba ndogo, mdosi mwenyewe anaweza kukagua na kalkuleta. Namba mbili zinajulikana na kila mtu, 5 na 23. Nakuru anachagua siri yake, 10. Anazidisha 5 mara kumi (5 × 5 × 5 na kuendelea), anagawa kwa 23, anabaki na 9. Hiyo 9 ndio ufunguo wake wa wazi, anaweza kuibandika hata kwa ukuta. Kisumu siri yake ni 7, anafanya vivyo hivyo anabaki na 17. Sasa wanabadilishana 9 na 17 kwa WhatsApp. Nakuru anachukua ile 17 anaizidisha kwa yenyewe mara kumi, anagawa kwa 23, baki ni 4. Kisumu anachukua 9 anaizidisha kwa yenyewe mara saba, anagawa kwa 23, baki ni 4. Wote wana 4, na hiyo 4 haijawahi kutumwa popote.

Aliyekuwa kwa grupu ya WhatsApp ameona 9, 17, 5 na 23. Kufika kwa 4 lazima kwanza ajue 10 au 7. Kwa namba hizi za kuchezea atajaribu zote kwa dakika chache. WireGuard inatumia Curve25519, hesabu yake ni ya mkunjo, si kuzidisha hivi, ila mchezo ni ule ule, na ufunguo una baiti 32, ndio maana unaona herufi 44 zenye mwisho wa `=`. Hapo hakuna wa kujaribu zote.

agroveti_58

Aisee hiyo 4 nimeipata kweli pande zote mbili, nimerudia nikidhani ni bahati. Sasa swali, kuwa na 4 ni sawa, lakini Kisumu anaonyesha vipi anayo kama haitumi?

binti_paketi

Anaitumia kufunga kitu. Kisumu akianza anatuma paketi moja ya baiti 148. Kwanza anatengeneza jozi ya funguo ya muda, ya mazungumzo hayo tu, na upande wa wazi wa hiyo jozi anauweka kwa paketi bila kuufunga. Siri ya hiyo jozi ya muda akiichanganya na ufunguo wa wazi wa Nakuru anapata jibu la kufungia jina lake, yaani ufunguo wake wa wazi wa kudumu, ndio mtu anayechungulia njiani asijue ni nani anapiga. Halafu anafanya hesabu ya pili, siri yake ya kudumu na ufunguo wa wazi wa Nakuru, ile 4 yetu, na hiyo inaingia kwa kufunga saa ya sasa. Kila kilichofungwa kina muhuri wa baiti 16 mwishoni. Nakuru anapiga hesabu zile zile kutoka upande wake. Muhuri ukilingana, aliyefunga ana siri ya Kisumu.

Kisha Nakuru anajibu na baiti 92. Ndani ameweka ufunguo wake wa muda na muhuri uliofunga kitu kitupu, hakuna ujumbe wowote humo, ni muhuri tu. Kuutengeneza kunataka siri ya Nakuru, maana hesabu za paketi ya kwanza zimeingia humo. Kisumu akiukagua ukakubali, naye amejua anaongea na Nakuru. Paketi mbili, basi, na data ikianza kupita karibu kila dakika mbili wanarudia mpya.

nyaya_za_kondele

Sawa nimekubali ya saini. Lakini mimi nikirekodi hiyo 148 ya Kisumu pale njiani nikaituma tena usiku si Nakuru itaona muhuri ni halali?

binti_paketi

Muhuri ni halali ndio, ila saa iliyofungwa ndani ni ile ya zamani. Nakuru anakumbuka saa kubwa zaidi aliyowahi kupokea kutoka kwa kila mwenzake, ikija iliyo sawa nayo au ndogo anaitupa kimya. Na hata seva ikiwa imewashwa upya ikasahau, jibu lake linataka siri ya muda ya Kisumu ili lisomeke, na wewe huna. Nakuru hatatuma data kabla hajaona paketi ya kwanza ya data iliyofungwa vizuri.

mzee_wa_stima_bgm

Ngoja ngoja hapo kwa saa!! Nina Raspberry Pi 4 kwa posho mill huku Bungoma, stima ikipotea ikirudi WireGuard inakufa, naibembeleza karibu saa nzima halafu inajirudia yenyewe. Nimebadilisha laini, nimebadilisha hadi adapta. Ni hii?

binti_paketi

Karibu naweza kukuhakikishia mzee wangu. Pi 4 haina betri ya saa. Stima ikikatika ghafla inawaka na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho, na kwa kawaida hiyo huhifadhiwa kila baada ya saa moja. Kwa hivyo inapiga hodi na saa ya nyuma, seva inaona ni paketi ya kurudiwa, inatupa. Kawaida Pi ingejirekebishia saa kwa intaneti, lakini kama `AllowedIPs` yako ni `0.0.0.0/0` hata ombi la saa linataka kupita kwa WireGuard ambayo haijafunguka. Andika `date` stima ikirudi utaona. Ukishika seva unaweza kuzima na kuwasha `wg0` yake isahau, ila dawa kamili ni kuruhusu ombi la saa lipite nje, au ununue kimoduli cha saa chenye betri.

mzee_wa_stima_bgm

Nina hiyo `0.0.0.0/0`. Adapta nilinunua bure jamani.

agroveti_58

Nimejaribu kitu. Nimefanya kusudi, kwa Kisumu nimebadilisha herufi ya kwanza ya `PublicKey` ya Nakuru, halafu nikakaa kwa seva ya huku:

```
tcpdump -ni eth0 udp port 51820
```

Zinaingia `length 148`, moja kila sekunde tano hivi, na seva haijibu neno. Hakuna hata 92 moja. Nimerudisha ufunguo sawa, 148 moja, 92 moja, data inapita. Kwa nini haisemi hata ufunguo ni mbaya?

binti_paketi

Haimjibu mtu isiyemjua, ndio anayekagua milango ya seva asijue kama hapo kuna kitu. Lakini kernel inaweza kukuambia wewe mwenye seva:

```
echo 'module wireguard +p' > /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control
dmesg -w
```

Fanya ukiwa root. Rudia ule ujanja wako utaona `Invalid MAC of handshake`, maana nje ya paketi kuna muhuri mwingine mdogo unaotengenezwa na ufunguo wa wazi wa seva, na Kisumu ameutumia ule mbaya. Kama seva ndiyo haimjui Kisumu, au saa imerudi nyuma kama ya mzee wa Bungoma, utaona `Invalid handshake initiation`. Na kama tcpdump haioni hata 148, achana na funguo, tafuta fayawolu au rauta.

Ila kwa hii ya WhatsApp mdosi wako hayuko mbali sana na ukweli. Kuonekana kwa funguo hakuna neno. Kubadilishwa njiani ndio hatari. Mtu akipenya simu akaweka ufunguo wake mahali pa wa Kisumu na wake mwingine mahali pa wa Nakuru, kila mmoja wenu atathibitisha kwa uaminifu kabisa kwamba anaongea na mwizi. WireGuard haina namna ya kujua hiyo. Piga simu, sauti unayoijua, keshia akusomee kinachotokea kwa `wg show wg0 public-key` huko Kisumu, na wewe umsomee wa kwako.

nyaya_za_kondele

Ongeza na `PresharedKey` basi, hiyo ndio paswadi mdosi anatafuta, roho itulie.

binti_paketi

Haikatazwi, na hata hiyo haitumwi, inachanganywa tu ndani ya hesabu. Iliwekwa kwa ajili ya siku kompyuta za kwanta zitavunja Curve25519 na mtu awe amerekodi data yenu ya leo. Lakini sasa utakuwa na siri ya kusafirisha hadi Kisumu, na hiyo haiendi WhatsApp.

nyaya_za_kondele

Aipeleke na flashi kwa matatu, Nakuru Kisumu ni asubuhi moja tu. Mimi bado nasema kinga mbili ni bora kuliko moja.

binti_paketi

Kwa duka la dawa za ng'ombe? Mimi singejisumbua, ila ni duka lake.

agroveti_58

Tumesomeana kwa simu, ziko sawa herufi kwa herufi, ingawa keshia amechoka na mimi. Mdosi amepiga ile hesabu ya 4 mwenyewe kwa kalkuleta akanyamaza kidogo, halafu akauliza, na laptopu ya Kisumu ikiibiwa?

binti_paketi

Hapo mwizi ndiye Kisumu mpaka umtoe, maana anayejulikana kwa seva ni mwenye siri. Unamtoa ukiwa Nakuru, laini inakatika hapo hapo:

```
wg set wg0 peer UFUNGUO_WA_WAZI_WA_KISUMU remove
```

Mtoe na kwa `wg0.conf` pia, la sivyo seva ikiwashwa tena amerudi.

mwana_wa_migingo

Sasa hiyo nikiweka kwa seva ya rafiki yangu huko majuu naweza kuonea mechi?