Baba anaona giza akisimama, anameza dawa za presha. Tufanyeje?

Binti_wa_Kibosho
Wakubwa shikamooni. Baba ana miaka 74, yuko Kibosho. Mimi naishi Moshi mjini, napanda kila Jumamosi. Ana presha mwaka wa tisa huu. Asubuhi anameza amlodipini na losatani ile yenye dawa ya kukojoza ndani yake. Wiki tatu sasa akiinuka kitandani anaona giza, anashika ukuta, likipita anaendelea na shamba lake. Juzi alfajiri alienda chooni akarudi amechubuka kiwiko. Anasema aliteleza, mama anasema sakafu ilikuwa kavu. Nimempima amekaa: 136 kwa 80. Ni dawa au ni uzee?

Mangi_Mstaafu
Presha imeshuka hiyo. Mkatie dawa wiki moja, mpe supu yenye chumvi ya kutosha.

Muuguzi_wa_Zamu
Mangi, kushuka inashuka kweli, ila inashuka akisimama tu. Akikaa au akilala dawa bado anazihitaji, na zipo ambazo ukiziacha ghafla presha inapanda kwa fujo. Chumvi nayo usimwongezee mtu wa presha bila daktari kusema.

Dada, ulimpima amekaa, ndiyo maana hukuona kitu. Mlaze dakika tano, mpime. Asimame, mtu awe pembeni yake, umpime dakika ya kwanza na ya tatu, mkono umeegemezwa usawa wa kifua. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, umeshapata jibu la kupeleka kliniki. Akianza kuona giza mkalishe, achana na kipimo. Na wiki tatu zilizopita kulibadilika nini?

Dada_wa_Njiro
Mimi nikigeuka tu kitandani chumba kinazunguka kama pia. Niliambiwa ni sikio. Mpeleke kwa daktari wa masikio.

Muuguzi_wa_Zamu
Pole dada, ila yako inakuja hata ukiwa umelala. Mzee akilala hana neno.

Binti_wa_Kibosho
Nimepima leo. Amelala 142 kwa 82. Dakika ya kwanza 114 kwa 72, ya tatu 110 kwa 70. Mama kafukua mfuko wa koti: kuna tamsulosini, ya tezi dume. Alipewa zahanati nyingine wiki tatu zilizopita, na hakuwaambia kama ana presha kwa sababu "hawakuuliza".

Muuguzi_wa_Zamu
Basi. Dawa hiyo inalegeza misuli ya njia ya mkojo, na mishipa ya damu nayo inaweza kulegea. Akisimama damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Juu yake kuna mbili za presha, na ile ya kukojoza inampunguzia maji mwilini. Msikate yoyote wenyewe, hata ya tezi, mkojo usije ukaziba. Kesho apelekwe na paketi zote, na daftari la vipimo.

Kwa sasa, akiamka akae ukingoni mwa kitanda, miguu chini, apandishe na kushusha vidole vya miguu dakika moja au mbili. Asimame ameshika kitu, na asipige hatua mpaka kichwa kitulie. Giza likija, akae hapo hapo, hata chini. Wengi wanaanguka kwa sababu wanakimbilia mlango. Usiku awe na kopo la haja ndogo, akojoe amekaa. Na mwulize kama anajinyima maji ili asiamke usiku, wazee wengi hufanya hivyo. Mbege apunguze, hasa jioni.

Akizimia, akigonga kichwa, kifua kikibana, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo si ya kusubiri kliniki. Hospitali saa hiyo hiyo. Akiharisha au kutapika, wapigieni kliniki siku hiyo hiyo kabla hajameza tena ile ya kukojoza.

Binti_wa_Kibosho
Mrejesho. Daktari kamwondolea dawa ya kukojoza, kabaki na losatani tupu na amlodipini. Ya tezi kasema aimeze usiku. Wamechukua damu kuangalia figo na chumvi za mwilini, majibu Ijumaa. Giza limepungua, halijaisha.

Muuguzi_wa_Zamu
Vizuri, lakini hiyo ya usiku inanitia shaka kidogo, maana huyu ndiye anayeamka saa kumi kwenda chooni. Mweleze daktari jambo hilo Ijumaa. Mpaka hapo kopo ni lazima.

Binti_wa_Kibosho
Kopo amelikataa. Anasema yeye si mtoto.

Mangi_Mstaafu
Nunua lenye mfuniko, umwambie ni la mama.